Pole Iliyotumwa na Simu ya Duka

Salamu ya kwanza ya simu ya duka aliitunga Nnalongo mwenyewe. Ilisema hivi: "Pole sana kwa msiba. Tumepokea habari za kifo kwa masikitiko makubwa. Mungu amlaze marehemu mahali pema. Tuko pamoja nanyi." Basi. Duka linafunguliwa saa ngapi, haikusema. Mtu afanye nini baada ya hapo, haikusema. Ukiandika kwetu kwa mara ya kwanza, hata herufi moja, wasapu ya biashara inakurushia maneno hayo papo hapo, kabla mimi sijafuta mikono nikaishika simu.

Nnalongo ndivyo anavyoitwa mama wa mapacha. Jina lake lingine sijapata kulisikia, na ukiwatazama wateja nyuso zao unaona wanajua hana mchezo. Duka lake liko Nyendo, karibu na njia ya kwendea hospitali, na tunauza kitu kimoja tu, lubugo, ile nguo nyekundu ya gome la mti inayogongwa huko Bukomansimbi. Huku Buddu hakuna anayezikwa bila lubugo. Na kila anayehusika na marehemu analeta wake, unafunuliwa mbele ya watu, jina lake linatangazwa na uhusiano wake naye: huu ni wa mkwe fulani, huu ni wa mjomba fulani. Usipotangazwa, watu wanajiuliza wewe ulikuwa nani kwake.

Jambo moja halifanywi kabisa. Mgonjwa wako anapumua, wewe unauliza bei ya lubugo. Hilo wanaita kumchimbia mtu kaburi huku anakutazama.

Mimi nilikuwa nafagia, nakunja, na kujibu simu. Niliona mapema kwamba ile salamu ina shida. Kuna mshona mikoba, Mutyaba, alituandikia akitaka vipande vilivyochanika, akapewa pole. Akajibu, "Nani amekufa? Mnajua kitu ambacho mimi sijaambiwa?" Nilicheka peke yangu, kisha nikampelekea Nnalongo aone.

"Nnalongo, hii tuibadilishe. Iseme habari, iseme tunafungua saa ngapi, iseme mtu alete nini. Pole nitaitoa mimi nikishajua kuna msiba."

"Wewe umesoma mpaka la ngapi?"

"La saba."

"Mimi watu wananiambia wamelia kwa ile salamu. Wewe unataka wasome ratiba kama ya basi." Akanirudishia simu. "Huyo wa mikoba ana bahati. Amepewa pole ya akiba."

Kulikuwa na mengine. Jioni Nnalongo alikuwa anazima data ili bando lisiliwe, na simu isiyo na data haimjibu mtu. Waliofiwa alfajiri walikuwa wanaandika, wanangoja, hawajui kama tupo au tumehama. Asubuhi nikiwasha nakuta watu wanne, watano, na wawili wao wameshanunua kwa jirani. Nilikuwa na daftari. Nikawa naandika humo maneno ambayo ningeyaweka mimi.

Jumanne moja, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, namba ngeni ikaingia. Nilikuwa nimeishika simu, kwa hiyo niliona kila kitu kwa macho yangu. Kwanza yaliingia maneno "Mna lub", yamekatika hapo hapo. Simu ikatoa ile pole yake. Halafu yale maneno yaliyokatika yakafutwa na mwenyewe, pakabaki ile alama ya kusema ujumbe umefutwa. Halafu ukaja mwingine mzima: "Naomba kujua bei ya lubugo mmoja wa mtu mzima. Si haraka."

Nikamjibu bei. Hakuandika tena.

Kesho yake mchana akaja kwa miguu. Mwanamke mwembamba, amevaa gauni la gomesi lililofifia, kidole gumba kimefungwa kitambaa.

"Wewe ndiye unayejibu simu?"

"Ndiyo, nnyabo," nikamjibu kwa heshima.

"Mimi ndiye wa jana. Nabatanzi." Akanionyesha simu yake, kioo kimepasuka kona mpaka kona. "Nilikuwa naandika, kidole kikagusa, ikaenda haijaisha. Nikaifuta. Hebu niambie, kwa nini ulinipa pole?"

"Sikukupa mimi. Inajituma yenyewe. Kila mgeni anapewa hiyo."

Alikaa kwenye mkeka bila kukaribishwa. Akasema mume wake, Kayondo, amelazwa wiki ya tatu. Daktari alimwita pembeni, akamwambia ajiandae. Yeye anauza ndizi za kuchoma, hana ndugu mwenye uwezo, akaona bora ajue bei mapema aanze kuweka akiba kidogo kidogo, asije akaaibika siku ikifika. Wifi yake, Nalubowa, akaomba simu ampigie kaka yao mwingine kwa sababu yake haina salio. Akampa. Akakuta pale juu: tumepokea habari za kifo.

"Alisoma kwa sauti, kule wodini, kitanda kwa kitanda. Akasema, tazameni, ameshamwambia mwenye duka kaka yangu amekufa, halafu akafuta asionekane. Kayondo alikuwa macho, nnyabo. Alisikia."

Nikaangalia mfuatano wa zile jumbe. Ni kweli. Ukiutazama bila kujua, juu kuna ujumbe uliofutwa, chini yake pole ya kifo, chini yake mtu anauliza bei. Hata mimi ningewaza vibaya.

"Wamenitoa wodini," akasema. "Wameweka kijana mlangoni. Na unajua Kayondo hajanitambulisha kwao rasmi, ndoa ya kimila hatujafunga, miaka tisa tunasema mwakani, mwakani. Kwao mimi ni mke kwa kuwa wameamua kuniita mke. Wakiamua kuacha, sina karatasi. Njoo uwaambie tu kwamba simu inajisemea. Maneno mawili."

Nilikuwa nimeshavaa viatu Nnalongo alipotoka nyuma ya pazia. Alikuwa amesikia.

"Unakwenda wapi, Nantume?"

"Hapo hospitali, narudi sasa hivi."

"Ukawaambie nini? Kwamba simu ya Nnalongo inatoa pole kwa watu walio hai?" Akamgeukia Nabatanzi, sauti imelegea kama anabembeleza mtoto. "Dada, mumeo akifa kesho, watasema ni nani aliyemtangulizia kifo?"

"Watajua ni simu tu."

"Simu ina mwenyewe. Watasema ni duka la Nnalongo. Mji mzima utasema, usiwaandikie wale, wanakutabiria. Mimi nina watoto wawili wa siku moja wanaosomea Kampala. Wewe unapoteza nini? Mtu ambaye hajakutambulisha."

Nabatanzi akanitazama mimi. Nami nilitazama viatu vyangu, kisha nikavivua.

Alipoondoka Nnalongo akaniambia, "Na ile salamu ibadilishe. Leo. Si ulikuwa unaitaka?"

Nitasema ukweli, nilifurahi. Niliona angalau hakuna mwingine atakayepatwa na haya. Nikatoa daftari langu. Kwanza nikaingia kwenye ukurasa wa duka, nikaweka saa zetu: Jumatatu mpaka Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni, ambayo simu inataka uiandikie nane mpaka kumi na nane. Jumapili nikaweka tumefunga. Kisha salamu, ambayo huenda kwa anayeandika mara ya kwanza, au kwa aliyekaa siku kumi na nne bila kuandikiana nasi. Nikaandika:

"Habari, hapa ni duka la lubugo, Nyendo. Tunafungua Jumatatu mpaka Jumamosi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Jumapili tumefunga. Hili ni jibu la simu. Mtu atakujibu ndani ya nusu saa tukiwa wazi. Ukihitaji lubugo tuandikie: unataka mingapi, jina la anayeuleta na uhusiano wake, mahali na saa unapohitajika. Tutakutumia bei, na ukikubali tutaandika karatasi ya jina na kukuletea."

Nikaweka na lile jibu la wakati tusipokuwepo, nikaliambia liende nje ya saa za kazi, kwa kila mtu. Maana salamu hairudiwi kwa mtu aliyeandika juzi, na huyo akiandika alfajiri atakaa gizani. Humo nikasema tumefunga, tunafungua saa mbili, acha maelezo yako, waliotangulia kuandika watajibiwa kwanza. Na nikamwomba Nnalongo data isizimwe tena. Akakubali kwa shingo upande.

Nikajaribu kwa simu ya muuza chapati wa jirani, ambaye hajawahi kutuandikia. Ikajibu vizuri. Muuza chapati akasema, "Sasa mmekuwa ofisi." Nililala vizuri siku hiyo. Sikuwaza kwamba nimefuta kitu cha mtu.

Kayondo alikufa Jumapili. Jumatatu saa tatu waliingia dukani watatu: Nalubowa, mzee wao Kiyimba anayesimamia misiba ya ukoo, na nyuma yao Nabatanzi, macho yamevimba. Mzee Kiyimba alikuwa mtu wa taratibu. Alikaa, akavua kofia.

"Tumekuja kuagiza," akasema. "Lakini kabla ya hapo kuna neno. Huyu mama anasema pole ile ilitumwa na mashine, na kila mgeni anatumiwa. Nalubowa anasema ilitumwa na mtu aliyeambiwa kuna kifo. Mimi sitaki kumwonea mtu msibani. Kwa hiyo tujaribu. Simu yangu haijawahi kuandika hapa."

Nabatanzi akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile, na akatabasamu kidogo. Alikuwa amewaleta mwenyewe. Jaribio lilikuwa wazo lake.

Nikanyoosha mkono kuizuia simu yake.

"Mzee, subiri," nikasema. "Nilibadilisha."

"Ulibadilisha nini?"

Lakini Nalubowa alikuwa ameshamwandikia mzee kwa simu yake, akamrudishia. Simu ya mzee ikalia mkononi. Akaisoma polepole kwa sauti, akisogeza mbali na macho. Habari, hapa ni duka la lubugo. Tunafungua Jumatatu mpaka Jumamosi. Akasoma yote, hadi karatasi ya jina. Akarudi juu akatafuta tena.

"Hakuna pole hapa," akasema.

"Mimi sijaona pole," Nalubowa akasema. "Naona ratiba."

"Nilibadilisha Jumatano," nikasema. "Ile ya zamani ilikuwa ya pole. Angalieni simu ya duka, wateja wote wa zamani walipata maneno yale yale, neno kwa neno."

Mzee akanyoosha mkono. Nikamfungulia mmoja, wa pili, wa tatu. Pole sana kwa msiba. Tumepokea habari za kifo. Akatikisa kichwa kama anayekubali, nami nikapumua.

"Hawa walikuwa wamefiwa?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi mliwapa pole waliofiwa. Ndivyo inavyotakiwa." Akanirudishia. "Nataka mmoja ambaye hakufiwa."

Mutyaba. Nikashuka kwenye orodha kumtafuta mshona mikoba. Nikapanda, nikashuka tena. Nikatafuta kwa jina. Nikaandika "mikoba". Hapakuwa na kitu. Mazungumzo hayakuwepo, namba haikuwepo. Nikainua macho. Nnalongo alikuwa anakunja lubugo ambao ulikuwa umeshakunjwa.

"Nnalongo, yule Mutyaba."

"Mutyaba gani?"

"Wa mikoba. Aliyeuliza nani amekufa."

"Mimi nauza lubugo wa maziko," akamwambia mzee, si mimi. "Mikoba siijui. Msichana huyu ana huruma sana, hilo ndilo tatizo lake. Huyu mama alikuja hapa Jumatano akalia kwenye mkeka wangu, na jioni ile ile msichana akabadilisha salamu."

"Kwa hiyo mlikaa mkapanga," Nalubowa akasema.

"Hatukupanga," nikasema. "Wewe ndiye uliyeniambia nibadilishe, Nnalongo. Na yale maneno yaliyofutwa mimi niliyaona. Yalikuwa 'Mna lub', basi. Kidole kiliteleza."

"Uliyaona wewe peke yako," Nalubowa akasema. "Na uliyoyaona peke yako ndiyo yaliyofutwa. Inapendeza."

"Nairudisha ile ya zamani sasa hivi, mtaona inavyojituma."

"Ukiiandika sasa hivi si itakuwa umeiandika sasa hivi? Mnatuona sisi tumekunywa?" Akageuka kwa Nabatanzi. "Ulikuwa na haraka gani, wewe? Ungengoja afe tu, ungepewa pole ya bure."

Mzee Kiyimba akavaa kofia. Alimtazama Nnalongo, yeye ndiye mkubwa pale dukani. "Mama, neno la mwisho ni lako. Simu hii iliwahi kumpa pole mtu asiyefiwa?"

Nnalongo aliuweka chini lubugo aliokuwa anakunja. Nafikiri aliona duka lake, na aliona yule mwanamke kwenye mlango.

"Sisi hatumpi pole mtu asiyefiwa," akasema.

Wakaagiza lubugo ishirini na sita. Nabatanzi alisimama pale mpaka hesabu ikaisha, akijishika kile kidole chenye kitambaa, halafu akatoka. Hakuna aliyemfukuza. Hakukuwa na haja.

Nilipobaki na Nnalongo nilimuuliza kwa nini. Hakukasirika.

"Kulikuwa na mzigo mmoja wa lawama," akasema, "na watu wawili wa kuubeba. Mmoja ana duka." Akanipa karatasi niandike majina ya kina Kiyimba. "Na salamu yako ni nzuri, nimekubali. Asubuhi hii wateja sita wameandika kila kitu bila kuulizwa."

Jumanne ndiyo siku ya maziko. Nilifika dukani kabla ya saa mbili nikaitazama simu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini alfajiri Nabatanzi alikuwa ameandika, "Mko wazi?" Simu ikamjibu kwa lile jibu la kufunga: tunafungua saa mbili, acha maelezo yako. Naye akafuata kila kitu nilichouliza, mstari kwa mstari, kama mtu anayejaza fomu ya shule.

"Lubugo mmoja.
Anayeuleta ni Nabatanzi.
Uhusiano, mke.
Butende, saa kumi jioni, leo."

Nilimtumia bei saa mbili kamili. Akalipa kwa simu dakika ile ile. Sijui alikopa wapi. Nilichagua lubugo laini kuliko yote, usio na kiraka, na kwenye karatasi niliandika kwa herufi kubwa maneno yale yale aliyoandika yeye. Sikumwonyesha Nnalongo, nikauweka katikati ya ile ishirini na sita.

Mimi na Nnalongo tulifika Butende saa tisa na nusu na pikipiki mbili. Nabatanzi alikuwa nje ya ua wa mimea ya miyenzu pamoja na wauza ndizi wenzake. Watoto wawili aliomzalia Kayondo walikuwa ndani, wameketi kwa shangazi yao Nalubowa karibu na mwili, wamefungwa vitambaa vya gome kiunoni kama wafiwa. Mama yao hakufungwa.

Mzee Kiyimba akaanza kutangaza. Nilikuwa namkabidhi mmoja mmoja, vijana wanaufunua, yeye anasoma karatasi. Huu ni wa mkwe wetu kutoka Lwengo. Watu wanapiga makofi mepesi. Huu ni wa mjomba. Huu ni wa chama cha wafanyabiashara wa soko. Wa kumi na nne ulikuwa ule laini. Vijana wakaufunua, watu wakauona ulivyo mzuri, na bibi mmoja akasema, huyo aliyeuleta alimpenda.

Mzee akaitazama karatasi. Hakusoma. Akaishusha.

Nalubowa akanyanyuka kutoka kwa watoto, akaja, akaichukua mkononi mwake na kuisoma. Hakupandisha sauti. Alinirudishia mimi, kwa kuwa kalamu nilikuwa nayo mimi, sikioni.

"Msichana wa duka, hapa mmekosea. Rekebisha."

"Nirekebishe nini?"

"Uhusiano. Huyu alikuwa anakaa karibu na kaka. Andika jirani."

Nilitazama nje ya ua. Nabatanzi alikuwa amesogea mpaka kwenye miyenzu, ameipanua kwa mikono aone lubugo wake, hasikii tunachosema. Alikuwa anangoja kutangazwa. Nnalongo, nyuma yangu, aliniambia kwa upole kwamba watu wanangoja, na kwamba iliyobaki ni kumi na mitatu.

Watoto walikuwa wananitazama.

Nilikata neno moja kwa mstari mmoja, nikaandika lingine juu yake, herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Mzee akaipokea, akasafisha koo.

"Huu," akasema, "ni wa jirani."

Watu wakapiga makofi mepesi, nami nikamkabidhi wa kumi na tano.